Barua ya Kuitaka Benki Irudishe Ada ya Ovadrafti Iliyokatwa Kimakosa



Tangu waajiri wengi wa mashamba na viwanda hapa Uganda waanze kulipa mishahara kwa njia ya benki, malalamiko ya aina mpya yameingia katika ofisi za matawi yetu. Zamani mfanyakazi alikuja na bahasha ya mshahara akasema, "Nimepunjwa." Siku hizi anakuja na karatasi ya benki akasema, "Mshahara umeingia kamili, lakini benki imekula." Katika makala hii nitaeleza shauri moja tu la namna hiyo, yaani ada ya ovadrafti iliyokatwa bila haki, na namna ya kuandika barua ya kuirudisha. Nitatumia shauri la mwanachama mmoja wa kiwanda cha chai ambaye tulimsaidia mwaka 2025. Jina lake na la benki sitayataja.

Ovadrafti ni kitu gani

Ovadrafti ni hali ya akaunti kutolewa fedha zaidi ya zile zilizomo, hata salio likashuka chini ya sifuri. Ni kama kuchukua sukari dukani kwa daftari: mwenye duka amekupa mali yake, nawe unadaiwa. Benki hutoza ada kwa jambo hilo, na juu ya ada hutoza riba kwa kila siku ambayo deni limekaa.

Mfanyakazi atauliza, "Mimi sikuomba mkopo, nimeingiaje katika deni?" Mara nyingi mlango ni oda ya kudumu. Hiyo ni amri uliyoiwekea sahihi ili benki itoe kiasi fulani kila mwezi, kwa mfano kupeleka chama cha akiba na mikopo. Siku ya oda ikifika kabla mshahara haujaandikwa katika akaunti, benki inaweza kuirudisha oda bila kuilipa, au kuilipa kwa fedha zake na kukuandikia deni. Mwanachama wetu alifanyiwa hili la pili.

Mambo yalivyokuwa

Oda yake ilikuwa ya tarehe 27 ya kila mwezi, shilingi 120,000. Mwajiri hupeleka mishahara tarehe 26. Mwisho wa Mei alipokwenda kuangalia akaunti yake, aliona fedha zimepungua. Karani wa kaunta akamwambia, "Mzee, ulitoa kabla ya mshahara, mashine imekata." Mwanachama akarudi nyumbani akiamini kwamba kosa ni la chama cha akiba na mikopo, na alikuwa tayari kwenda kujitoa. Kama angejitoa, angepoteza nafasi ya mkopo wa ada ya shule aliokuwa ameusubiri, na kisa ni kosa ambalo chama hicho hakikulifanya.

Tulimwambia kwanza arudi benki akaombe taarifa ya akaunti ya mwezi mzima, iliyopigwa muhuri. Karatasi ndogo ya mashine ya kutolea fedha haitoshi, kwa sababu huonyesha miamala michache ya mwisho, na mara nyingi haionyeshi tarehe ya thamani. Tarehe hiyo ndiyo iliyoamua shauri lote.

Tarehe mbili katika mstari mmoja

Katika taarifa ya akaunti, kila mstari huweza kuwa na tarehe mbili. Ya kwanza ni tarehe ya kuingizwa, yaani siku ambayo mstari uliandikwa katika kitabu cha benki. Ya pili ni tarehe ya thamani, yaani siku ambayo benki yenyewe inakubali kwamba fedha zilianza kuwa zako. Siku nyingi tarehe hizi hufanana. Zikitofautiana, simama hapo usome vizuri.

Mistari ya mwanachama wetu, kwa maneno ya Kiswahili, ilikuwa hivi:

1. 23 Mei 2025. Salio lililokuwapo: 46,300.
2. Kuingizwa 27 Mei, thamani 27 Mei. Oda ya kudumu, kutolewa 120,000. Salio: deni 73,700.
3. Kuingizwa 27 Mei, thamani 27 Mei. Ada ya ovadrafti, kutolewa 25,000. Salio: deni 98,700.
4. Kuingizwa 28 Mei, thamani 26 Mei. Mshahara, kuwekwa 412,500. Salio: 313,800.
5. Kuingizwa 30 Mei, thamani 30 Mei. Riba ya ovadrafti, kutolewa 65. Salio: 313,735.

Kwenye karatasi ya benki yenyewe hutaona maneno haya. Utaona vifupisho, kama `S/O` kwa oda ya kudumu, `SAL` kwa mshahara, na `OD` kwa ovadrafti. Karibu na salio, `DR` maana yake unadaiwa, na `CR` maana yake fedha ni zako. Kila benki ina vifupisho vyake, kwa hiyo usichokielewa mwulize karani, na jibu lake uliandike pembeni kwa kalamu ya risasi.

Sasa tazama mstari wa 4. Mshahara uliandikwa tarehe 28, lakini thamani yake ni tarehe 26. Benki imekubali kwa mkono wake kwamba fedha zilikuwa za mfanyakazi tangu tarehe 26, siku moja kabla ya oda. Ilikuwaje basi? Baadaye tuliambiwa kwamba orodha ya mishahara ilikwama ndani ya benki kwa sababu ya tarakimu iliyokosewa, na fedha zikawekwa kando katika akaunti ya kusubiri. Zilipotolewa huko, karani aliziandikia thamani ya siku ya kweli. Lakini mashine ilikuwa imekwisha kutoza ada usiku wa tarehe 27, na ada haikurudishwa.

Hesabu ya kuthibitisha

Kabla ya kuandika neno lolote, panga mistari upya kwa kufuata tarehe ya thamani. Chukua salio la 46,300. Ongeza mshahara wa tarehe 26, shilingi 412,500. Inakuwa 458,800. Toa oda ya tarehe 27, shilingi 120,000. Inabaki 338,800. Akaunti haikugusa sifuri hata siku moja, basi hakukuwa na ovadrafti, na pasipo ovadrafti hakuna ada wala riba.

Salio la haki ni 338,800. Salio la benki ni 313,735. Tofauti ni 25,065, ambayo ni ada ya 25,000 pamoja na riba ya 65. Tofauti ikilingana sawasawa na mistari unayoipinga, ujue hesabu yako imesimama. Isipolingana, kuna mstari mwingine ambao hujauona, na usipeleke barua mpaka uupate.

Wapo watakaosema shilingi 65 si kitu. Lakini riba ni mtoto wa ada. Benki ikirudisha ada na kuiacha riba, kitabu chake bado kinasema kwamba siku ile ulikuwa mdaiwa. Na kwa jumla fedha hizo hazikuwa ndogo. Kwa mshahara wa 412,500 na siku 26 za kazi, shilingi 25,065 ni zaidi ya malipo ya siku moja na nusu.

Usiombe huruma pale unapodai haki

Mwanachama alikuja na barua aliyoandikiwa na kijana wa jirani. Ilisema: "Naomba mnisamehe ada hii kwa kuwa mimi ni maskini na nina watoto." Barua hiyo tuliiweka kando. Anayeomba msamaha amekubali kwamba alikosa. Meneja anaweza kumsamehe au kukataa, na akikataa hakuna pa kukata rufaa, maana hakuna aliyelazimishwa kuwa na huruma. Lakini anayesema "mstari wa 3 umekosewa kwa sababu ya mstari wa 4" ameweka jambo ambalo lazima lijibiwe kwa kitabu.

Kama ada ilikatwa kwa haki, kwa mfano ulisahau oda nawe mwenyewe ukatoa fedha zote, hapo waweza kuomba msamaha wa mara moja, na sema wazi kwamba ni ombi. Usichanganye mambo haya mawili katika barua moja.

Barua yenyewe

Benki nyingi hapa kwetu huandikiana na wateja kwa Kiingereza. Naiandika hapa kwa Kiswahili ili kila mwanachama ajue anachokiwekea sahihi. Atakayekutafsiria afuate mpango huu huu, sentensi kwa sentensi, bila kuongeza hadithi.

*Jina la mwenye akaunti*
*Anwani na namba ya simu*
*5 Juni 2025*

*Kwa Meneja wa Tawi*

*YAH: KURUDISHWA KWA ADA YA OVADRAFTI SH. 25,000 NA RIBA SH. 65, AKAUNTI NAMBA ..........*

*Ndugu Meneja,*

*Tarehe 27 Mei 2025 akaunti yangu ilitozwa ada ya ovadrafti ya Sh. 25,000, na tarehe 30 Mei 2025 ikatozwa riba ya Sh. 65. Napinga makato haya mawili kwa sababu akaunti haikuwa na upungufu.*

*Taarifa ya benki yenu, Kiambatanisho A, inaonyesha katika mstari wa 4 kwamba mshahara wangu wa Sh. 412,500 una tarehe ya thamani ya 26 Mei 2025. Oda ya kudumu ya Sh. 120,000 ilitolewa tarehe 27 Mei 2025. Kwa hiyo siku ya oda salio la haki lilikuwa Sh. 458,800 kabla ya kutoa, na Sh. 338,800 baada ya kutoa.*

*Kiambatanisho B ni hati yangu ya mshahara wa Mei. Kiambatanisho C ni barua ya mwajiri inayoonyesha kwamba malipo yalipelekwa benki tarehe 26 Mei 2025.*

*Naomba mfanye mambo matatu: kurudisha Sh. 25,065 katika akaunti hii. Kufuta kumbukumbu yoyote ya deni iliyotokana na makato haya. Na kunijibu kwa maandishi. Kama mnakataa, naomba mnieleze kwa maandishi ni mstari upi wa taarifa mnaoutegemea.*

*Wako,*
*(Sahihi kama ilivyo katika kumbukumbu za benki)*

Ndiyo barua nzima. Kiasi na namba ya akaunti vimewekwa juu ili karani aijue kazi yake kabla hajaifungua leja. Fungu la kwanza linasema kilichokatwa, la pili linasema kwa nini ni kosa, la tatu linataja ushahidi, na la nne linasema kinachotakiwa. Ombi la mwisho, la kutajiwa mstari, lina kazi kubwa, kwa sababu linamzuia mtu kujibu kwamba "ni utaratibu wa mashine."

Ikiwa taarifa yako ina mstari wa kodi iliyotozwa juu ya ada, uongeze katika jumla unayodai. Ada ikianguka, kodi yake huanguka nayo.

Mistari ya kuambatanisha

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kukata mstari mmoja wa ada na kuupeleka peke yake. Mstari huo peke yake unathibitisha kwamba ulitozwa tu, hauthibitishi kwamba ulitozwa kimakosa. Anza na salio la kabla ya tatizo, uende mfululizo mpaka salio la baada ya riba, bila kuruka mstari. Ukiruka mmoja, masalio hayataungana, na msomaji atadhani umeficha jambo.

Kosa la pili ni kupeleka miezi sita yote. Meneja hana haja ya kujua ulinunua nini Februari. Peleka ukurasa wenye mistari inayohusika, uandike namba 1 hadi 5 pembeni, na uweke alama ya wino chini ya tarehe za thamani za mstari wa 2 na wa 4. Usiandike juu ya tarakimu za benki.

Peleka fotokopi, taarifa yenye muhuri ibaki nyumbani. Namba ya siri ya kadi usiiandike popote, wala usimpe mtu, hata kiongozi wa chama.

Kupeleka na kufuatilia

Tengeneza nakala mbili za barua na viambatanisho vyake. Moja iachie benki. Ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, iwe na tarehe na jina la aliyepokea, kisha urudi nayo. Karani akisema muhuri haupo, mwombe aandike kwa mkono. Barua isiyo na uthibitisho wa kupokelewa ni kama mbegu iliyoanguka njiani.

Benki Kuu ya Uganda ilitoa mwaka 2011 Miongozo ya Kuwalinda Watumiaji wa Huduma za Fedha. Kwa miongozo hiyo benki lazima iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko, na muda wa kujibu ni wiki mbili tangu kuyapokea. Kwa barua iliyopokelewa tarehe 5 Juni, wiki mbili hutimia tarehe 19 Juni. Siku hiyo ikipita kimya, peleka barua fupi makao makuu ya benki hiyo, ukiambatanisha nakala yenye muhuri. Usiporidhika na jibu lao, peleka faili lote Benki Kuu. Usiruke hatua ya benki yako, kwa maana utaulizwa kwanza, "Wao wamejibu nini?"

Jambo jingine. Wafanyakazi kumi wakikatwa siku moja kwa sababu moja, kila mmoja aandike barua yake, kwa sababu akaunti ni siri ya mwenyewe na benki haiwezi kujibu kuhusu akaunti yako katika barua ya mtu mwingine. Tawi la chama laweza kuweka barua moja ya juu yenye kueleza kwamba kosa ni la orodha nzima. Ukitaka kiongozi akusemee kaunta, mwandikie idhini yenye sahihi yako.

Wakati ambapo benki haina kosa

Tuseme ukweli. Kama mstari wa mshahara ungekuwa na thamani ya tarehe 28, na barua ya mwajiri ikasema alipeleka fedha tarehe 28, benki isingekuwa na hatia. Aliyechelewa angekuwa mwajiri, na dai la hasara lingekwenda kwake kwa njia ya chama, likifuata mkataba wetu wa siku ya malipo. Ndiyo sababu tuliomba barua ya mwajiri kabla ya kuishika benki. Barua hiyo ingeweza kutugeuza tuelekee ofisi ya kiwanda.

Shauri likiwa gumu zaidi ni pale tarehe mbili za mstari wa mshahara zinapofanana, zote 28, lakini mwajiri anasema alipeleka 26. Hapo taarifa yako haitoshi. Mwombe mwajiri hati inayoonyesha siku akaunti yake ilipotolewa fedha. Ikiwa akaunti yake iko katika benki hiyo hiyo nayo ilitolewa fedha tarehe 26, benki ieleze fedha zililala wapi siku mbili. Ikiwa mwajiri yuko benki nyingine, ucheleweshaji waweza kuwa wa njiani kati ya benki mbili, na itabidi mwajiri mwenyewe aulize benki yake.

Mwisho wa shauri

Benki ilijibu tarehe 16 Juni. Ilikubali kosa na kurudisha Sh. 25,000. Shilingi 65 ziliachwa. Mwanachama aliandika sentensi mbili tu: kwamba ada imefutwa, na kwamba riba iliyotokana nayo bado iko katika mstari wa 5. Baada ya siku tatu ilirudishwa.

Benki ikisema imekwisha kurejesha, chukua taarifa mpya uangalie tarehe ya thamani ya marejesho. Inafaa iwe ya siku ile ile ada ilipokatwa. Ikiwa ni ya leo, kitabu bado kinaonyesha pengo katikati, na riba yaweza kuhesabiwa tena mwisho wa mwezi.

Halafu mwanachama alifanya jambo la mwisho, ambalo ndilo lililomaliza tatizo. Alisogeza oda yake kutoka tarehe 27 hadi tarehe 2 ya mwezi unaofuata, baada ya kukubaliana na chama chake cha akiba na mikopo. Sasa mshahara ukikwama siku mbili au tatu, oda haiukuti mfuko mtupu. Mkopo wa ada ya shule aliupata.